Mteja ametuma salamu tu: kutatua kasoro za jibu la kwanza linalotaja mifano ya huduma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa saiba za Nairobi, ziwe za katikati ya jiji au za mitaani kama Umoja, Kawangware na Eastleigh, ambako siku hizi mteja huandika kwenye WhatsApp kabla ya kufunga safari. Unahusu hali moja tu: mteja ameandika "Habari za asubuhi", kisha akanyamaza. Kwa desturi yetu mteja huyo hajaacha ujumbe wake nusu. Amesalimia, na anasubiri aitikiwe kabla hajaeleza shida yake. Mhudumu naye ana mambo mawili ya kutimiza katika jibu moja: kuitikia salamu ipasavyo, kisha kutaja mambo machache ambayo saiba inaweza kumsaidia, ili mteja asiyejua mipaka ya kazi yenu apate pa kuanzia.

Jambo hilo la pili ndilo huharibika kwa urahisi. Mifano ikitajwa vibaya, jibu husomeka kama orodha ya bei iliyobandikwa mlangoni, na mteja hulijibu kama anavyoijibu orodha, yaani huchagua au huondoka. Ukitaka kujua kilichoharibika, usilisome tena jibu lako mwenyewe, kwa sababu aliyeandika daima huliona sawa. Soma ujumbe wa pili wa mteja. Ujumbe huo, au kukosekana kwake, ndio dalili, na sehemu zinazofuata zimepangwa kwa kufuata dalili hizo.

Mteja anajibu kwa tarakimu, kwa neno moja, au anauliza "bei gani?"

Ukiona jibu la "2", au "KRA" peke yake, au "bei gani?" kabla hujajua anachotaka, elewa kwamba mteja hakusoma sentensi, alisoma menyu. Chanzo chake mara nyingi ni umbo la ujumbe wako. Wakenya wamezoea kupiga *334# na kusubiri orodha yenye namba, kwa hiyo jicho likiona mistari iliyopangwa moja chini ya nyingine, nukta mbili baada ya neno "Huduma zetu", au herufi kubwa mfululizo, mkono hutafuta namba ya kubonyeza. Haijalishi kwamba hukuandika "bonyeza 1", kwa kuwa umbo limekwisha kusema hivyo kwa niaba yako.

Chanzo cha pili hakionekani upesi, nacho ni kutaja majina ya huduma badala ya kutaja matendo. "Pasipoti, SHA, KRA, HELB" ni majina ya vitu na ofisi. Hayamwambii mteja ni nini hasa kitakachofanyika, na hayampi maneno ya kuelezea shida yake, kwa hiyo yeye pia hurudisha jina tupu. Linganisha na jibu hili:

"Njema kabisa, habari za kwako? Karibu. Hapa huwa tunasaidia watu kujaza ritani za KRA, kurudisha akaunti ya eCitizen iliyokataa kufunguka, au hata kuchapisha tu karatasi waliyotumiwa kwa simu. Wewe umekwama wapi leo?"

Katika jibu hili kila mfano una kitenzi, na mfano wa kati umebeba shida ndani yake. Anayelisoma hupata kielelezo cha namna ya kujieleza. Atakuwa na wepesi wa kuandika "nilijaribu kujaza ritani lakini imeniambia nywila si sahihi" kuliko kuandika "KRA", kwa sababu ameona kwamba hapa shida husemwa kwa sentensi. Swali la mwisho nalo lina uzito. "Unataka gani?" humtaka achague miongoni mwa vilivyotajwa, ilhali "umekwama wapi?" humwachia nafasi ya kusema jambo ambalo hukulitaja kabisa.

Marekebisho yenyewe ni machache. Ondoa mistari na namba, weka yote katika sentensi moja inayoendelea, geuza kila jina kuwa tendo, na mwishoni uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kuteua. Utajua kasoro imeondoka pale ambapo ujumbe wa pili wa wateja unaanza kuwa na vitenzi. Bei haina nafasi katika jibu hili la kwanza, hata ikiwa unaogopa kupoteza mteja anayelinganisha saiba na saiba. Ukiitaja kabla ya shida, mazungumzo yote yatageuka ya bei, na utajikuta umempa bei ya kazi asiyoihitaji.

Mteja anachagua mfano ulio karibu na shida yake, lakini shida yake ni nyingine

Hii ndiyo kasoro inayopoteza muda mwingi zaidi, na ni ngumu kuigundua kwa sababu mwanzoni mazungumzo huonekana kwenda vizuri. Mteja amejibu, amechagua, na mhudumu ameanza kazi. Dalili huja baadaye: baada ya maelezo marefu mteja anaandika "Asante" pekee, au anapiga simu mchana kueleza jambo tofauti.

Tuchukue kisa kimoja na tukifuate hatua kwa hatua. Mama mmoja wa Donholm anaandikia saiba iliyo karibu na Moi Avenue saa mbili asubuhi: "Habari za asubuhi." Mhudumu anajibu: "Njema. Tunafanya pasipoti, cheti cha maadili mema, SHA na KRA. Unataka gani?" Mama anaandika: "Pasipoti." Mhudumu, kwa bidii na nia njema, anamtumia orodha ndefu ya nyaraka zinazohitajika: cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho, picha, na fomu ya mdhamini. Mama anajibu "Asante", kisha kimya. Saa nane anapiga simu na kueleza kwamba nyaraka zote anazo, ni za binti yake, na zimekamilika tangu wiki iliyopita. Kilichomshinda ni kuingia kwenye akaunti ya eCitizen. Nywila ameisahau, na namba ya siri ya muda inatumwa kwenye laini aliyoipoteza pamoja na simu yake ya zamani.

Tuangalie kilichotokea. Mama hakudanganya aliposema "pasipoti", kwa kuwa mwisho wa safari yake ni pasipoti kweli. Aliulizwa achague kati ya vitu vinne, akachagua kilicho karibu zaidi na shida yake. Mhudumu alitaja mifano kwa kufuata ofisi za serikali, kwa kuwa ndivyo kazi zake zilivyopangwa kichwani mwake na kwenye bango la mlangoni. Lakini watu hawakwami kwa kufuata ofisi. Hukwama katika hatua fulani, na hatua hizo hujirudia katika ofisi zote: mmoja hajui pa kuanzia, wa pili hawezi kuingia kwenye akaunti, wa tatu alilipa lakini ombi halisongi, wa nne amemaliza kila kitu na amebakiza kuchapisha fomu. Pasipoti, cheti cha maadili mema na huduma za barabarani za NTSA zote hupitia eCitizen, kwa hiyo kutaja huduma hizo tatu ni kutaja mlango mmoja mara tatu na kuacha milango mingine mitatu bila kutajwa.

Kanuni inayoponya kasoro hii ni kuchagua mifano iliyo mbalimbali kwa aina, iwe michache kwa idadi. Mfano mmoja uwe wa kuanza jambo jipya, mwingine uwe wa kukwamua jambo lililokwama, na wa tatu uwe wa kazi ndogo ya dakika chache. Kwa mifano mitatu ya namna hiyo mteja huona upana wa kazi yenu, kisha yeye mwenyewe hujaza yaliyo katikati. Jibu ambalo lingemfaa mama wa Donholm lingekuwa hivi:

"Njema, tunashukuru, habari za huko? Karibu sana. Tunaweza kukusaidia kuanza ombi jipya, kwa mfano la pasipoti, au kukwamua akaunti au ombi lililokataa kuendelea, au hata kukuchapishia fomu ukaichukua ukipita. Niambie umefikia wapi."

Hapa pasipoti imetajwa mara moja tu, kama kielelezo cha kuanza ombi. Mama angeona kwamba mfano wa pili ndio wake, na angeandika "ni akaunti, laini niliyosajili nilipoteza." Mhudumu angejua saa mbili hiyo hiyo kwamba jambo la kwanza si nyaraka. Angemwambia aende kwenye duka la kampuni yake ya simu na kitambulisho chake arudishiwe laini ileile, ndipo namba ya siri imfikie na akaunti ifunguke. Kazi hiyo ingemalizika kabla ya chakula cha mchana, na saiba ingebaki na kazi yake halali ya kujaza ombi la binti.

Zingatia pia maneno "niambie umefikia wapi". Yanafaa kuliko "unahitaji huduma gani" kwa sababu yanamwomba mteja ataje hatua, si jina la huduma, na ni hatua ndiyo inayokuongoza kujua kazi halisi. Katika saiba ninazozifahamu, mabadiliko ya sentensi hii moja ya mwisho ndiyo hupunguza simu za mchana kuliko mabadiliko mengine yote, hata pale ambapo mifano yenyewe bado haijawa mizuri.

Kanuni hii ina mpaka wake. Kuna majira ambapo karibu kila anayesalimia ana shida ileile. Ritani za mtu binafsi za mwaka uliopita hupokewa kuanzia Januari mosi hadi Juni 30, na wiki za mwisho za Juni huwa na msongamano unaojulikana na kila mhudumu. Wakati huo si vibaya ritani kutangulia katika mifano, na hata mfano wa pili kuwa wa ritani pia: "kujaza ritani, hata kama mwaka jana hukuwa na kipato chochote". Hata hivyo acha mfano mmoja wa mbali, wa uchapishaji au wa jambo lililokwama, ili anayekuja kwa shida nyingine asidhani kwamba mwezi huo hamna nafasi yake. Ifikapo Julai ubadilishe jibu, maana mifano ya msimu uliopita humfanya mteja afikiri kwamba anaongea na mashine.

Mteja anauliza "Mnafanya hizo tu?"

Swali hili ni zawadi, kwa kuwa wengi wenye wazo hilo huondoka bila kuuliza. Maana yake ni kwamba mifano yako imesomeka kama orodha kamili. Ulisema "Tunafanya hiki, hiki na hiki", na sentensi ya namna hiyo hujifunga yenyewe. Ukisema "huwa tunasaidia mambo kama hiki au hiki", msomaji anajua kwamba kuna mengine.

Idadi nayo huchangia. Mtafiti wa mazungumzo Gail Jefferson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990 kuhusu namna watu wanavyounda orodha wakizungumza Kiingereza, alionyesha kwamba orodha hizo huelekea kuwa na sehemu tatu, na kwamba mara nyingi sehemu ya tatu huwa ni maneno ya jumla ya kufungia, ya aina ya "na mambo mengine kama hayo". Hakuna haja ya kulichukulia hilo kama sheria ya Kiswahili ili lifae mezani pako. Mifano miwili mahususi na ya tatu yenye upana, kama "au jambo lolote la mtandaoni linalokusumbua", husikika kama mtu anayeongea. Ukifika mfano wa tano, hata ukiwa na "kama vile" mwanzoni, msomaji huacha kuiona kuwa mifano na huanza kuihesabu kuwa ndiyo yote.

Mteja ananyamaza

Kimya kina vyanzo vingi, na baadhi yake havihusiani nawe. Huenda mteja ameshuka kwenye matatu au ameishiwa na bando. Lakini kimya kikijirudia kwa wateja wengi, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, salamu iliitikiwa? Mara nyingi jibu huanza na "Karibu, tunatoa huduma zifuatazo" bila kuitikia lolote. Mtu aliyekuandikia "Bwana asifiwe" anasubiri "Amina". Aliyeandika "Assalamu alaikum", jambo la kawaida sana kwa saiba za Eastleigh, anasubiri "Waalaikumu salaam". Na kijana wa pwani aliyekuandikia "Shikamoo" anastahili "Marahaba". Mwitikio ukikosekana, mifano yote inayofuata hufika kwa mtu ambaye bado hajapokelewa. Hili lisitatuliwe kwa kuandika mwitikio mmoja wa kufaa wote. Andika mwitikio kwa mkono, kisha ongeza mifano.

Pili, je, jibu linaonekana lote bila kufungua? Mteja huona kwanza sehemu ndogo ya ujumbe juu ya skrini ya simu yake. Ikiwa sehemu hiyo yote ni jina la saiba, anwani na saa za kufungua, hajaona chochote kinachomhusu. Mwitikio wa salamu na mfano wa kwanza ndivyo vitangulie, na anwani isubiri hadi aulize mlipo.

Tatu, je, kuna mfano unaomwaibisha? Huu ndio ukaguzi unaosahaulika. Mfano kama "kulipa faini ya kuchelewa ritani" au "kushughulikia deni la HELB" humfanya mtu ahisi ameshukiwa kabla hajasema neno, na mwenye deni hilo kweli ndiye atakayenyamaza wa kwanza. Shida hizo zipo na ni nyingi. Faini ya mtu binafsi aliyechelewesha ritani huanzia shilingi 2,000. Lakini katika mifano, tumia sehemu ya jambo isiyo na lawama: "kuangalia hali ya ritani zako" inatosha, na mwenye faini atajitaja mwenyewe akishaona kwamba hakuna anayemhukumu.

Mteja alishaeleza shida yake, lakini amepata mifano

Ujumbe wa pili hapa huwa na hasira kidogo: "Nimesema nataka kuchapisha fomu ya C24." Chanzo karibu kila mara ni jibu la kujiendesha. WhatsApp Business ina `Greeting message`, ambayo hutumwa kwa mtu anayeandika mara ya kwanza, au anayeandika tena baada ya siku 14 za kimya. Haisomi alichoandika. Aliyesema "Habari" na aliyeeleza shida nzima katika aya mbili hupata maneno yaleyale, na mteja wenu wa miaka mingi ambaye hakuandika kwa wiki tatu hukaribishwa kama mgeni.

Marekebisho yana sehemu mbili. Katika `Greeting message` usiweke mifano kabisa. Iache iseme kwamba ujumbe umefika na kwamba mtu atasoma: "Karibu. Tumeupata ujumbe wako na tutakujibu punde." Maneno hayo humfaa aliyesalimia tu na aliyeeleza shida. Kisha, chini ya `Recipients`, chagua `Everyone not in address book`, ili wateja mliohifadhi majina yao wasikaribishwe upya kila mara. Mifano uiweke katika `Quick replies`, ambayo huitwa kwa kuandika alama ya `/` na neno fupi ulilolichagua, kwa mfano `/mifano`. Faida yake ni kwamba mtu ndiye anayeamua kuituma, akishahakikisha kwamba mteja amesalimia tu, na anaweza kubadilisha neno moja au mawili kabla ya kutuma. Andaa matoleo mawili au matatu ya mifano. Zaidi ya hapo mhudumu hatayakumbuka na atarudia lile la kwanza tu.

Mteja anauliza kuhusu huduma isiyokuwepo, au anakuja akitarajia kisichowezekana

Akiuliza "Kwani NHIF bado ipo?", jibu lako limepitwa na wakati. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na bado kuna majibu yaliyohifadhiwa kwenye simu za saiba yanayotaja jina la zamani. Mfano mmoja uliopitwa huitia shaka mifano mingine yote, kwa kuwa mteja hana njia ya kujua ni upi ulio sahihi.

Jambo zito zaidi ni kitenzi kinachoahidi kupita kiasi. "Tunakutengenezea pasipoti" si kweli, kwa sababu mwombaji lazima afike mwenyewe kwenye ofisi ya uhamiaji, kama ile ya Nyayo House, kwa ajili ya picha na alama za vidole. Vivyo hivyo cheti cha maadili mema: saiba inaweza kujaza ombi na kuchapisha fomu ya C24, lakini vidole ni vya mwombaji mwenyewe. Kwa kuwa mfano katika jibu la kwanza ni mfupi, hauna nafasi ya maelezo ya mipaka, basi chagua kitenzi ambacho ni kweli bila maelezo. "Kujaza ombi la pasipoti" ni kweli. "Kuandaa fomu ya alama za vidole" ni kweli. Dalili ya kitenzi kibaya ni mteja anayefika mlangoni akiuliza pasipoti yake itatoka lini, huku akikutazama kana kwamba wewe ndiye utakayeitoa.

Mteja anaitikia salamu na kusalimia tena

Umetuma "Njema, habari za kwako?" pamoja na mifano, naye anajibu: "Salama sana. Na kazi inaendeleaje?" Ameipita mifano bila kuigusa. Wahudumu wengi huituma upya wakidhani haikuonekana. Imeonekana. Mtu huyu, ambaye mara nyingi ni mzee au ni mteja wa zamani, bado yumo katika salamu, na hajafika kwenye shida.

Itikia salamu hiyo peke yake: "Inaendelea vizuri, mzee, tunashukuru Mungu. Nyumbani wote wazima?" Kisha subiri. Wengi wataleta shida yao katika ujumbe unaofuata, bila mfano wowote. Ikiwa baada ya hapo bado amenyamaza, taja mfano mmoja tu, ule unaotokana na unachokijua juu yake. Kama mara ya mwisho alikuja kwa ajili ya ritani, andika: "Zile ritani za mwaka jana zilikwenda sawa, au kuna jambo limejitokeza?" Mteja asiyejulikana huhitaji mifano mitatu ili aone upana wa kazi. Huyu anaujua tayari, na mfano mmoja unaomhusu humfikia haraka kuliko mitatu.